Canva ya bure au Canva Pro kwa kazi za picha, na kwa nini mwenzako ana kitufe ambacho kwako kina taji

Ukisikia mtu analalamika kwamba Canva ya mwenzake "ina vitu vingi" kuliko yake, mara nyingi wote wawili wanatumia programu ileile, toleo lilelile, hata simu za aina moja. Kinachotofautiana ni mahali uwezo ulipofungwa. Kwenye programu za picha uwezo hufungwa katika sehemu tatu: kwenye akaunti (pamoja na timu uliyomo), kwenye kifaa, au kwenye faili lenyewe unalolifanyia kazi. Kulipia Pro kunafungua sehemu ya kwanza peke yake. Wengi hulipa, wakagundua tatizo lao lilikuwa kwenye zile mbili nyingine.

Hapa tunailinganisha Canva ya bure na Pro kwa kazi za picha tu: kuondoa bakigraundi, kupakua kwa ubora wa kuchapa, na kutumia picha za maktaba yao. Mambo ya kalenda ya machapisho na video tumeyaacha. Taji ni alama ambayo Canva huiweka kwenye zana, picha au mchoro wa kulipia.

Tofauti zenyewe

| Kazi | Bure | Pro |
|---|---|---|
| Kuondoa bakigraundi (`BG Remover`) | ina taji | ipo |
| PNG isiyo na bakigraundi (`Transparent background`) | ina taji | ipo |
| Kuongeza ukubwa wakati wa kupakua (`Size`) | inatoka kwa ukubwa wa ukurasa tu | unaweza kukuza |
| Faili la SVG, mchoro wa mistari usio na pikseli | ina taji | ipo |
| `PDF Print` na alama za kukatia | ipo | ipo |
| Rangi za uchapaji, CMYK, kwenye PDF | ina taji | ipo |
| Picha na michoro yenye taji | inatoka na alama za Canva juu yake | inatoka safi |

Mstari wa tano ndio watu wengi huupita. `PDF Print` ya bure ni faili halali la kupeleka kwa mchapaji. Kama kazi yako ni kadi za harusi, vipeperushi au bango la karatasi, na picha zote ni zako mwenyewe, Pro haikuongezei ubora unaoonekana kwenye karatasi, isipokuwa mchapaji amekudai CMYK waziwazi. Stesheneri nyingi zenye printa ya kawaida hazidai, kwa sababu printa yao hubadilisha rangi yenyewe.

Mstari wa tatu nao una njia ya kuuzunguka. Mtu wa bure hawezi kukuza wakati wa kupakua, lakini hakuna anayemzuia kuanza na ukurasa mkubwa. Bofya `Create a design`, kisha `Custom size`, chagua pikseli, uandike vipimo unavyohitaji kabla ya kuweka chochote. Karatasi ya A4 kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi ni 2480 kwa 3508. Ukishapanga hivyo, PNG ya bure itatoka na pikseli hizohizo. Kosa linalotokea sana ni kubuni kwenye ukurasa wa Instagram wa 1080 kwa 1080, mteja akapenda, halafu ndipo unamwambia mchapaji atoe A3. Upande mfupi wa A3 ni sentimita 29.7, sawa na inchi 11.7, kwa hiyo pikseli 1080 zinakuwa 92 tu kwa kila inchi. Maandishi yanaonekana yana ukungu na lawama anabebeshwa mchapaji. Mwenye Pro angekuza wakati wa kupakua, na hapo maandishi na michoro ya Canva ingetoka mikali, lakini picha zilizopakiwa zikiwa ndogo hubaki ndogo hata kwake.

Kwa hiyo kinachouzwa hasa kwa mtu wa picha ni ile mistari miwili ya mwanzo, `BG Remover` na `Transparent background`, pamoja na picha za taji.

Kuondoa bakigraundi kwa undani

Ndani ya Pro hatua ni fupi. Bofya picha, `Edit`, kisha `BG Remover`. Ikishaondoa, unapewa brashi mbili, `Erase` ya kufuta kilichobaki na `Restore` ya kurudisha kilichofutwa kimakosa. Kupakua ni hatua nyingine kabisa: `Share`, `Download`, chagua PNG, weka alama kwenye `Transparent background`. Anayesahau alama hiyo anapata mtu aliyekatwa vizuri akiwa juu ya mraba mweupe.

Kinapofanya kazi vizuri ni picha ya mtu, kiatu, chupa au sahani ya chakula, yaani kitu kimoja kinachojitenga na kilichopo nyuma yake. Kinapofanya vibaya ni nywele zilizotawanyika juu ya ukuta wa giza, shela ya bibi harusi inayoonyesha, glasi, na nembo iliyopigwa picha ikiwa kwenye karatasi au kitambaa. Kwenye nembo tatizo ni kwamba kifaa hiki hutafuta "kitu kikuu", hakitafuti rangi. Huacha weupe katikati ya herufi kama O na A, au kikafuta maandishi madogo ya chini kikidhani ni uchafu. Watu hulipia Pro kwa ajili ya nembo tu, na ndiyo kazi ambayo Pro huiweza kidogo kuliko zote. Dawa yake tutaifikia.

Je, bila kulipa? Njia ya kwanza inayojulikana ni remove.bg, ambayo tangu 2021 ni mali ya Canva. Bila malipo inakupa picha isiyozidi megapikseli 0.25, yaani pikseli 250,000 kwa jumla. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka uipime na kazi. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, kwa pikseli 300 kwa inchi, ni pikseli 413 kwa 531. Zidisha: 219,303. Inaingia ndani ya kikomo cha bure na nafasi inabaki, mradi picha unayopakia uwe umeikata kwanza ibaki kichwa na mabega, usipakie picha nzima ya mtu amesimama. Mtu wa picha za pasipoti pekee hana sababu ya kulipia kuondoa bakigraundi.

Sasa pima kazi nyingine kwa kikomo hichohicho. Mraba wa pikseli 250,000 una pikseli 500 kila upande. Ukichapwa kwa 300 kwa inchi una upana wa sentimita 4.2 tu. Kwa stika ndogo inatosha. Kwa kifua cha fulana haitoshi hata ukishusha ubora nusu.

Njia ya pili iko kwenye simu, na inawagawa watu hata ndani ya ofisi moja. Tangu iOS 16 ya 2022, ukibonyeza kwa muda mrefu juu ya kitu ndani ya Picha za iPhone, kinajitenga na bakigraundi na unaweza kukinakili au kukituma. Ni bure, wala haihitaji Canva. Lakini inahitaji chipu ya A12 Bionic au mpya zaidi. iPhone XS inayo. iPhone X na iPhone 8 hazina, ingawa zote zinapokea iOS 16. Watu wawili wenye mfumo uleule, mmoja anabonyeza kitu kinang'aa pembeni, mwingine anabonyeza mpaka kidole kinachoka. Hakuna malipo yatakayolibadilisha hilo.

Njia ya tatu ni ya kompyuta. Mwishoni mwa Oktoba 2025 Canva iliifanya Affinity, programu ya usanifu iliyoinunua mwaka 2024, kuwa ya bure kwa anayefungua akaunti ya Canva, hata isiyolipiwa. Affinity inatoa PNG isiyo na bakigraundi, SVG, na PDF ya CMYK bila malipo, vitu vitatu ambavyo ndani ya Canva yenyewe vina taji. Kilichobaki cha kulipia mle ni vifaa vya akili mnemba, ikiwemo kuondoa bakigraundi kwa bofyo moja. Ukiwa tayari kukata kwa mkono na una kompyuta inayoimudu, kampuni ileile inakupa kwa mlango wa pili ilichokunyima kwa mlango wa kwanza. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Uliofungwa kwenye akaunti

Hapa ndipo migogoro mingi ya "mbona yeye anacho" inapotoka, na si rahisi kama "yeye amelipa, mimi sijalipa".

Akaunti moja ya Canva inaweza kuwa ndani ya timu kadhaa, na kila timu ina mpango wake. Ukiwa kwenye timu ya kazini iliyolipiwa, taji zote zinafunguka. Ukihamia kwenye nafasi yako binafsi ya bure, zinarudi, ingawa hujatoka kwenye akaunti. Watu hawajui wako wapi kwa sababu Canva hukufungulia ulipokuwa mara ya mwisho. Jina la timu liko kwenye ukurasa wa nyumbani, unapobofya picha yako ya wasifu, na hapohapo ndipo pa kubadilishia. Picha ulizopakia na kazi ulizounda kwenye timu moja hazionekani kwenye nyingine, kwa hiyo ishara ya pili ya kuwa timu isiyo sahihi ni "kazi zangu zimepotea". Hazijapotea.

Kufungua kazi ya mwenzako kwa kiungo si sawa na kuingia kwenye timu yake. Mwenye Pro akikutumia kiungo cha kuhariri, unaweza kugusa kila kitu kilichomo, lakini wakati wa kupakua unapimwa kwa mpango wako wewe. Picha zenye taji alizoweka yeye zitakudai malipo, na `Transparent background` itakuwa na taji vilevile. Akitaka wewe upate faili safi, ni yeye anayepaswa kupakua na kukutumia.

Halafu kuna zile Pro za bei ya kutupa zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegramu, "Canva Pro mwaka mzima" kwa bei isiyofika hata malipo ya mwezi. Usichokijua unaponunua ni kwamba hujapewa Pro. Umealikwa kwenye timu ya mtu mwingine, wakati mwingine timu iliyosajiliwa kama shule ya nchi ya mbali, na utaijua kwa jina la timu usilolielewa hapo juu. Inafanya kazi vizuri mpaka siku mwenye timu anapokuondoa au Canva inapoifunga. Hapo kazi ulizounda ndani yake zinabaki ndani yake na wewe unabaki mlangoni. Ukiwa tayari umo, nakili kila kazi muhimu kwenye nafasi yako binafsi, na upakue PDF yake leo.

Walimu wana njia halali. Canva for Education ni bure kwa walimu wa shule za msingi na sekondari waliothibitishwa, na ndani yake zana nyingi za Pro zimefunguliwa. Wahadhiri wa vyuo hawamo kwenye mpango huo. Mwanafunzi anaingia kwa mwaliko wa mwalimu, lakini zana za akili mnemba kwa upande wa wanafunzi huwa zimezimwa tangu mwanzo, mpaka msimamizi aziwashe. Ndiyo maana mwalimu anaonyesha darasani jinsi ya kutengeneza picha kwa maneno, wanafunzi wanatafuta kitufe hicho hawakioni, na kila mtu anadhani ni mtandao. Mashirika yasiyo ya kibiashara yaliyosajiliwa nayo yana mpango wa bure, hadi watu 50, na wengi wanaostahili bado wanalipa.

Zana za kutengeneza picha kwa maneno zina kipimo kingine tena: idadi. Magic Studio, mkusanyo wa zana za akili mnemba za Canva, ilipozinduliwa Oktoba 2023, mtu wa bure alipewa mara 50 kwa jumla, na wa Pro mara 500 kwa mwezi. Kampuni huzibadilisha hesabu hizi, kwa hiyo tazama salio lako ndani ya zana yenyewe, ila mantiki haijabadilika: watu wawili wa bure wanaweza kuonekana tofauti kabisa kwa sababu mmoja amemaliza sehemu yake.

La mwisho kwenye akaunti ni malipo kugonga mwamba kimyakimya. Pro hujirudia kulipwa yenyewe kila mwezi au mwaka. Anayelipia kwa kadi ya mtandaoni inayotegemea salio la pesa za simu, kama M-Pesa GlobalPay ya Kenya, asipokuwa na salio siku ya makato, malipo yanakataa na baada ya muda akaunti inashuka kuwa ya bure. Jana ulikuwa nayo, leo huna, na hakuna ulichogusa. Na aliyelipia kupitia Google Play au App Store asitafute kusitisha kwenye tovuti ya Canva. Usajili unasimamiwa kulekule uliponunuliwa. Jihadhari pia na akaunti mbili za mtu mmoja: umelipia ukiwa umeingia kwa Google, kwenye kompyuta ukaingia kwa namba ya simu. Kwa Canva hao ni watu wawili, na mmoja wao hajalipa kitu.

Uliofungwa kwenye kifaa

Canva yenyewe haibagui sana vifaa, ila programu ya simu iliyozeeka huweza kukosa zana ambazo tovuti inazo. Ukiona tofauti, fungua `canva.com` kwenye kivinjari cha simu hiyohiyo kabla ya kulaumu mpango wako. Lugha nayo hudanganya. Fundi wa Bukavu au Bujumbura aliyeweka Canva kwa Kifaransa atafuata maelekezo ya Kiingereza akitafuta maneno ambayo kwake hayapo, ilhali zana ipo palepale kwa jina jingine.

Mahali kifaa kinapoamua kwelikweli ni Google Photos, na inafaa kuijua kwa sababu karibu kila Android inayo na wengi huitumia kusafisha picha kabla ya kuipeleka Canva. Magic Eraser, ya kufuta watu waliopita nyuma, ilianza kama kitu cha simu za Pixel na waliolipia hifadhi ya Google One. Kuanzia Mei 2024 Google ilitangaza kuifungua kwa wote, kwa masharti ya simu: Android 8 na kumbukumbu ya ndani, yaani RAM, isiyopungua gigabaiti 3, au iPhone yenye iOS 15. Simu ya bei nafuu yenye RAM ya gigabaiti 2 inabaki nje, hata mwenye nayo awe analipia hifadhi. Magic Editor, ya kuhamisha na kubadilisha vitu ndani ya picha, nayo ilifunguliwa kwa wote ikiwa na kikomo cha kuhifadhi picha 10 kwa mwezi, isipokuwa uwe na Pixel au mpango wa Google One wa terabaiti 2 kwenda juu. Angalia mtego uliopo: anayelipia mpango mdogo wa Google One ni mteja anayelipa, lakini kwenye Magic Editor anahesabiwa sawa na wa bure.

Uliofungwa kwenye faili

Hapa watu wawili wenye Pro halali wanabishana. `Transparent background` huonekana tu ukichagua aina ya faili inayoweza kubeba uwazi. Ukiwa kwenye JPG, alama hiyo haipo kwa yeyote, alipe asilipe. Ukiweka mchoro unaochezacheza kwenye ukurasa, Canva itakupendekezea MP4 badala ya PNG, na tena alama itatoweka. Na kama umeweka picha iliyojaza ukurasa mzima kama bakigraundi, alama ipo lakini haitaondoa picha hiyo, kwa sababu kwa Canva hiyo ni sehemu ya kazi.

Kisha faili linatoka salama, linaharibiwa njiani. PNG yenye uwazi ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kugeuzwa JPG, na JPG haina uwazi. Mpokeaji anaona nyuma kumejaa weupe au weusi na kusema hujaondoa bakigraundi. Itume kama hati: alama ya kiambatisho, `Document`, kisha chagua faili. Kinyume chake kipo pia, ile PNG iliyookotwa mtandaoni yenye vyumba vya kijivu na vyeupe. Vyumba hivyo vikiendelea kuonekana ukishaiweka Canva, vimechorwa. Hakuna uwazi hapo.

Jaribio la kubadilishana

Ili kujua umefungiwa wapi, badilishaneni kitu kimoja kwa wakati. Fungua akaunti yako kwenye kifaa cha mwenzako, katika dirisha la faragha la kivinjari ili usivuruge yake, na mfungue kazi ileile. Uwezo ukionekana hapo, kifaa chako ndicho chenye kasoro: sasisha programu au tumia kivinjari. Usipoonekana, ni akaunti: soma jina la timu, kisha angalia ukurasa wa malipo. Kama uwezo upo kwenye kazi mpya tupu lakini haupo kwenye kazi hii, basi ni faili: angalia aina ya faili, michoro inayocheza, na bakigraundi. Dakika tano zinatosha, na ni bora ufanye hivyo kabla ya kutoa hela.

Kazi moja, hesabu yake

Tuchukue kikundi cha vikoba kinachotaka fulana 20 zenye nembo ya upana wa sentimita 28, picha 6 za pasipoti za viongozi, na tangazo la WhatsApp. Nembo wameileta kama picha ya simu, imepigwa ikiwa kwenye karatasi. Stesheneri ina wafanyakazi wawili. Neema yuko kwenye timu ya Pro ya duka, Baraka anatumia akaunti yake ya bure.

Picha za pasipoti Baraka anazimaliza kwa remove.bg ya bure, kwa hesabu tuliyoifanya juu. Tangazo la pikseli 1080 kwa 1080 analimaliza kwa Canva ya bure, akiepuka michoro yenye taji.

Nembo ndiyo ngumu. Sentimita 28 ni inchi 11. Picha ya simu ina pikseli 4000 kwa 3000 na nembo imechukua nusu ya upana, pikseli 2000. Kwenye fulana hizo ni takriban 181 kwa inchi, zinazokubalika kwa kitambaa. Baraka akiipitisha remove.bg ya bure, picha nzima inashuka hadi kama 577 kwa 433, nembo inabaki na pikseli 288, yaani 26 kwa inchi. Haifai. Neema kwa Pro anabaki na pikseli nyingi zaidi, lakini `BG Remover` inamwachia weupe ndani ya herufi na kula jina la kijiji lililoandikwa chini kwa herufi ndogo. Anarudisha kwa `Restore`, karatasi nayo inarudi. Anaweza kushinda hapo hadi jioni.

Njia sahihi haipiti kwa yeyote kati yao. Fungua Inkscape, programu ya bure ya kompyuta, ingiza picha, ichague, nenda `Path`, kisha `Trace Bitmap`, panga kiwango cha mwanga mpaka herufi ndogo zionekane, ukubali. Nembo ikiwa na rangi zaidi ya moja, tumia `Multicolor` na uweke alama kwenye `Remove background`. Futa picha ya asili iliyobaki chini. Sasa nembo ni mistari, haina pikseli, na inakuzwa hadi sentimita 28 au hadi ukuta wa jengo bila kufifia. Weupe wa ndani ya O haupo tena, na mwenye kuchapa fulana kwa skrini atakushukuru, kwa sababu anahitaji rangi moja moja zilizotengana. Kwa nembo yenye rangi mbili au tatu bapa hii inashinda Pro. Kwa nembo yenye picha ya mtu au rangi zinazofifiana haifai, na hapo Neema ndiye mwenye jibu.

Nani alipe

Lipa ukiwa unaondoa bakigraundi za bidhaa kila siku kwa ukubwa unaozidi stika: muuza nguo mwenye bidhaa mpya 30 kwa wiki, mpiga picha wa keki, duka linalotengeneza katalogi. Hapo muda wa kukata kwa mkono unakuwa ghali kuliko usajili. Lipa pia kama wateja wako wanachagua miundo yenye taji, maana kununua leseni ya mchoro mmoja mmoja kunakupandia haraka.

Usilipe kwa ajili ya picha za pasipoti, kadi za karatasi, matangazo ya simu, wala nembo bapa. Na kama kazi zako zinakuja kwa vipindi, msimu wa harusi au wa kampeni, lipia mwezi huo mmoja na usitishe usajili siku ileile uliyolipa. Pro itaendelea hadi mwisho wa kipindi ulicholipia. Kazi zako hazifutwi akaunti ikirudi bure. Ila pakua matokeo yote yenye taji kabla ya siku hiyo, kwa sababu ukirudi kuyapakua baadaye yatatoka na alama. Bei hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo isome kwenye ukurasa wa malipo ukiwa umeingia kwa akaunti yako, si kwenye picha ya skrini aliyokutumia ndugu yako aliyeko Toronto.